Rafiki kapitisha tarehe ya kunilipa 1,200,000. Barua niliyoandika hii hapa, nisahihisheni kabla sijatuma

#1 Mkazi wa Kihonda (14 Oktoba 2024)

Wakuu, heshima yenu. Leo sikukuu ya Nyerere nimekaa nyumbani na jambo moja halinitoki kichwani.

Nina rafiki tangu sekondari. Tulikuwa bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Tarehe 3 Juni alinijia na mpango wa kununua mpunga Ifakara wakati wa mavuno, auweke stoo, auze bei ikipanda. Alipungukiwa 1,200,000. Nikampa. 700,000 nilimtumia kwa simu, 500,000 nikamkabidhi mkononi stendi ya Msamvu akisubiri basi. Hatukuandikishana. Mwenyewe alisema, "Tarehe 30 Septemba unayo yote."

Tarehe 1 nilipiga hakupokea. Tarehe 5 akapokea, akasema yuko shamba, mtandao unakatakata, atanipigia. Tangu hapo kimya. Meseji anasoma, hajibu.

Sitaki kumpoteza huyu mtu, na hela pia siwezi kuisamehe. Nimeandika barua hii:

*"Ndugu yangu, natumaini hujambo na maisha yako mazuri. Sikutegemea kama wewe ungenifanyia hivi. Nilijinyima nikakupa, ukijua kabisa nina watoto wanasoma. Nimesikia umebadilisha simu, hongera. Kama urafiki kwako ni kutumia watu basi sema. Naomba ufanye utaratibu unilipe hela yangu mapema, la sivyo nitachukua hatua ambazo hutazipenda. Mungu akubariki."*

Mke wangu ameisoma, akacheka, akarudi jikoni. Naombeni maoni.

#2 Dogo wa Mabibo

Hiyo "hongera" ya simu ni kofi la mgongo wa mkono 😂. Na "Mungu akubariki" ya mwisho inatisha kuliko "hatua ambazo hutazipenda".

#3 Anko Chuma

Barua ya nini? Nenda polisi, fungua jalada, anakamatwa kesho asubuhi na ndugu zake wanachanga jioni. Watu wa aina hiyo hawaelewi lugha nyingine.

#4 Kimya Kingi

Mkuu pole sana. Mimi niliwahi kuwa na deni kama lako. Ushauri wangu usijibu chochote, badilisha laini, tulia miezi mitatu. Wakikuona umetulia wanapunguza bei wenyewe.

#5 Dogo wa Mabibo

#4 huyu ndiye ANAYEDAI, siyo anayedaiwa. Sasa tumejua kwa nini unaitwa Kimya Kingi.

#6 Karani Mstaafu

Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, barua za madai nimezipokea kwa mafungu. Ngoja nianze na #3, maana ushauri huo umewaponza wengi.

Mtu akikukopa kwa hiari na akashindwa kulipa kwa wakati, hayo ni madai, siyo jinai. Polisi hawakusanyi madeni. Jinai inaingia pale ambapo tangu mwanzo alikudanganya ili umpe, mathalani alisema anakwenda kununua mpunga kumbe hakuwa na mpango wowote wa mpunga. Hilo utalithibitishaje leo? Kwa kiasi hicho njia yako ni mahakama ya mwanzo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, unajieleza mwenyewe, wakili si lazima. Na kwa madai ya mkataba sheria ya ukomo wa muda inakupa miaka 6, kwa hiyo hakuna moto unaowaka. Una nafasi ya kuwa mpole.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili nikiitafuta hela sijaiona. Hakuna kiasi. Hakuna tarehe uliyompa wala tarehe aliyoahidi. Kuna "ufanye utaratibu", maneno ambayo mdaiwa yeyote anaweza kujibu "nafanya", na akawa hajadanganya. Mtu asiyekujua akisoma barua ile hawezi kujua unadai shilingi ngapi, ila anajua umeudhika.

Kuna jambo zito zaidi. Ule ujumbe wa muamala kwenye simu yako unaonyesha 700,000 zimetoka kwako kwenda kwake siku fulani, saa fulani. Hausemi zilikuwa mkopo. Anaweza kusema ulikuwa unamlipa mchele, au ulimchangia. Na zile 500,000 za Msamvu hazina hata huo ujumbe, ziko kwenye vichwa vya watu wawili. Mkataba wa mdomo ni mkataba, lakini kuuthibitisha ni kazi nyingine. Kwa hiyo faida kubwa ya barua yako ni JIBU lake. Akijibu kwa maandishi "ni kweli nina milioni moja na laki mbili zako", umepata mlichopaswa kuandikishana tarehe 3 Juni. Tena deni likikiriwa kwa maandishi yenye saini, ile miaka 6 inahesabiwa upya tangu siku ya kukiri.

Barua ya hasira haipati jibu la namna hiyo. Inapata kimya au matusi. Ndiyo maana kwangu upole ni akili ya madai, mbali na kuwa ni tabia njema.

#7 Anko Chuma

Karani nakuheshimu, lakini shemeji yangu alikwenda polisi akalipwa siku hiyo hiyo.

#8 Karani Mstaafu

Sikatai kwamba alilipwa. Nasema yule mdaiwa angejua haki yake, shemeji yako ndiye angekuwa anajieleza.

#9 Pemba Tulivu

Assalaam alaykum. Sisi huku jambo hili limeshatiwa kwenye Suratul Baqara, aya mbili zinakaribiana kabisa. Aya ya 282 inaamrisha deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Hiyo ndugu yetu imempita Msamvu. Ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka awe na wasaa. Kwa hiyo kabla ya barua, jua kwanza kama hana au hataki. Kwetu hilo halijulikani kwa waraka, hutumwa mtu mzima wa heshima akaulize kwa upole. Barua kwa rafiki ni kitu kizito, akiipata atahisi umeshamtoa moyoni.

#10 Mama Ubwabwa

Nyote mmeangalia barua, mimi nimeangalia tarehe. Mpunga ndiyo kazi yangu.

Mavuno ya Kilombero ni kama Mei mpaka Julai, na hapo ndipo bei inakuwa chini. Anayeweka stoo anasubiri Desemba, Januari, hata Februari, wakati mpunga umekwisha kwa watu na msimu mpya haujafika. Rafiki yako alikuahidi 30 Septemba! Kwa biashara aliyokuelezea, Septemba ni katikati ya safari. Ama alikuwa hajui biashara, ama alisema tarehe ya kukufurahisha, na wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa unawahi kumsindikiza kwenye basi.

Sasa inawezekana mpunga upo, yuko mbele ya gunia anaona aibu kukuambia "bado". Inawezekana pia aliununua mbichi. Hapo ndipo wageni wanalizwa. Mpunga usiokauka ukipangwa stoo unapata joto. Ingiza mkono katikati ya gunia utaisikia, kama umegusa tumbo la mtoto mwenye homa. Ukifika mashine mchele unatoka wa njano na chenga tupu, na mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye.

Muulize ana gunia ngapi na ziko katika hali gani. Usimuulize kuhusu simu.

#11 Dogo wa Mabibo

Au mpunga umegeuka mkeka. Jumamosi tarehe 5 alipokuambia mtandao unakatakata, nina wasiwasi alikuwa anafuatilia matokeo ya mechi.

#12 Mkazi wa Kihonda

Wakuu ahsanteni, mmenivua nguo kwa heshima. Mama Ubwabwa, hilo la tarehe sikuwahi kuliwaza.

Kuna mambo mawili sikuyasema mwanzoni. La kwanza, ile 1,200,000 haikuwa akiba. Niliikopa kikoba, na kikoba chetu riba ni asilimia 10 ya mkopo, kwa hiyo mimi narudisha 1,320,000. Nataka niweke ile 120,000 kwenye barua.

La pili, mama yangu alifariki Agosti. Huyu rafiki alikuja, akalala msibani siku mbili, akatoa rambirambi 150,000. Ipo kwenye daftari. Mke wangu anasema hiyo ilikuwa "kupunguza deni kwa njia ya heshima" na niihesabu. Mimi nasita.

#13 Bibi Daftari

Pole na msiba. Rambirambi USIIGUSE. Rambirambi inalipwa kwa rambirambi, siku yake ikifika utakwenda na wewe utatoa. Ukiitoa kwenye deni umemwambia kwamba alikuja kumzika mama yako kwa hesabu.

#14 Anko Chuma

Mimi naona tofauti. Mtu anayedaiwa 1,200,000 hatoi rambirambi 150,000 hela ya nani? Alitoa hela yako. Uliandikiwa kwenye daftari hela yako mwenyewe.

#15 Bibi Daftari

Haya, na wali ulioliwa msibani ulikuwa mpunga wa nani? Muacheni marehemu apumzike.

#16 Mwana wa Ziwa

Kwa #12 kuhusu riba: kuwa makini, tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ukitoza riba bila leseni unafungwa. Usiandike neno riba kabisa.

#17 Karani Mstaafu

#16 uko karibu lakini hujafika. Sheria ile inahusu anayekopesha kama biashara. Mtu aliyemkopesha rafiki mara moja hajawa mkopeshaji wa kibiashara. Sababu ya kutodai 120,000 ni nyepesi kuliko hiyo: hamkukubaliana. Masharti yalikuwa "nipe, nitarudisha zote". Huwezi kuongeza sharti kwa barua mwezi Oktoba kwenye makubaliano ya Juni. Ukiiweka, atajibu hiyo 120,000 peke yake, mtagombana juu yake, na ile 1,200,000 itakaa pembeni ikiwatazama.

Kikoba kitaje kama sababu ya kutoweza kusubiri, usikitaje kama hesabu. "Na mimi narejesha kila mwezi" inatosha. Hiyo ni kweli na haimtusi.

Kuhusu rambirambi niko na Bibi Daftari, ila kwa sababu nyingine. Ukiitoa, deni linakuwa 1,050,000, na yeye alijua linabaki 1,200,000. Mkishatofautiana kwenye jumla, kukiri kunakuwa kugumu.

#18 Jirani wa Kakamega

Huku kwetu Kenya nilidai rafiki yangu shilingi elfu arobaini, nikaandika barua nzuri sana ya kurasa tatu. Akaniblokia ukurasa wa kwanza. Fupisha ndugu.

#19 Kimya Kingi

Nimerudi. Samahani kwa #4, nilisoma haraka. Ila kwa kuwa nimekaa upande ule wa pili, sikilizeni. Siku ikishapita, kila siku inayofuata aibu inaongezeka. Siku ya 2 unaweza kupokea simu. Siku ya 10 huwezi, maana sasa inabidi ueleze deni na ueleze pia kwa nini hukupokea siku ya 2. Mimi kuna mtu alinidai laki tatu. Sikuwa namkimbia kwa ubaya, nilikuwa naona jina lake kwenye simu tumbo linakata. Aliyenitoa aliniandikia: "Najua huna zote. Nitajie unayoweza mwezi huu." Nilimtumia elfu arobaini jioni ile. Yule aliyeniita mwizi kwenye grupu bado hajalipwa mpaka leo.

#20 Dogo wa Mabibo

Kumbe kuna na wa pili 😂😂

#21 Bibi Daftari

#19 umesema kitu cha maana na kibaya kwa pamoja. Mlipe na huyo.

#22 Mama Ubwabwa

Kuhusu tarehe za kulipa: usimpangie 300,000 kila mwezi kama mshahara. Huyo hana mshahara. Akiwa na gunia stoo, Oktoba na Novemba anaweza kuuza gunia chache ili akupoze, na mzigo mkubwa utoke Januari. Ukimlazimisha auze zote leo, utapata hela yako lakini umemtia hasara, na hasara hiyo atakukumbuka nayo.

Kama mtakubaliana akulipe kwa mchele, andikeni bei ya kilo mapema. Usikubali "tutaangalia bei ya siku hiyo", hapo ndipo ugomvi wa pili unapoanzia.

#23 Pemba Tulivu

Na kama hasara imemfika kweli? Mbona barua zenu zote zinataka tarehe, hakuna hata moja inayomuuliza hali?

#24 Karani Mstaafu

Ukimuuliza sababu utapata hadithi, na hadithi haina tarehe. Mimi ningeacha mlango tu: "kama kuna lililokwama niambie". Sentensi moja.

#25 Pemba Tulivu

Tofauti yangu na yako iko hapo hapo. Wewe waona hadithi, mimi naona hali ya mtu. Lakini sentensi moja ni bora kuliko hakuna.

#26 Mkazi wa Kihonda (16 Oktoba)

Nimeandika upya. Hii hapa:

*"Morogoro, 16 Oktoba 2024*

*Ndugu yangu,*

*Habari za shamba. Naandika juu ya ile hela ya mpunga, maana kwenye simu hatukupata nafasi ya kumaliza.*

*Tarehe 3 Juni 2024 nilikukopesha shilingi 1,200,000: 700,000 kwa simu na 500,000 taslimu pale stendi ya Msamvu. Tulikubaliana utarudisha zote tarehe 30 Septemba 2024, bila riba. Tarehe hiyo imepita na bado sijapokea kitu.*

*Najua mpunga una msimu wake. Kama kuna lililokwama niambie lilivyo, nitakusikiliza. Ila hela ile niliitoa kikoba na mimi narejesha kila mwezi, kwa hiyo siwezi kukaa bila kujua.*

*Nakuomba mambo mawili kabla ya Ijumaa tarehe 25 Oktoba. Kwanza, nijibu kwa maandishi kama hesabu hiyo ni sahihi, au unisahihishe nilipokosea. Pili, niambie utalipa kiasi gani na tarehe zipi. Mimi napendekeza 200,000 tarehe 31 Oktoba, 200,000 tarehe 30 Novemba na 800,000 tarehe 31 Januari. Kama una mpangilio mwingine ambao kweli utauweza, uandike.*

*Nisipopata jibu, Jumapili tarehe 27 nitakuja Ifakara tukae tuongee, na nitamwomba kaka yako mkubwa awepo.*

*Ulivyosimama nami kwenye msiba wa mama sijasahau, na hilo haliingii kwenye hesabu hii.*

*Ni mimi ndugu yako."*

#27 Bibi Daftari

Hii sasa imeandikwa na mtu. Ile ya kwanza iliandikwa na ini.

#28 Karani Mstaafu

Nzuri. "Au unisahihishe nilipokosea" usiitoe kwa vyovyote. Mtu akipewa nafasi ya kukusahihisha hujibu, na hata akijibu "siyo 1,200,000, ni 1,100,000", ameshakiri kwamba deni lipo. Weka saini, piga picha, mtumie Watsapu, na ya karatasi mpe mtu anayekwenda huko. Baki na nakala. Kabla ya kutuma angalia kama mazungumzo yenu ya Juni bado yapo kwenye simu, usije ukayafuta kwa hasira. Ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani siku hizi, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Wengine humtaka mdaiwa asaini nakala "nimepokea". Kwa wafanyabiashara sawa. Kwa mtu mliyelala bweni moja nisingeshauri, tiki mbili za bluu zinatosha kwa sasa.

#29 Anko Chuma

Mmemtisha na kaka mkubwa halafu mnasema mimi ndiye mkali. Bora polisi, hawatakuja kusimulia kwenye harusi za ukoo miaka kumi ijayo.

#30 Pemba Tulivu

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Anko Chuma. Kaka mtu ni kumvua nguo mbele ya nyumba yao. Ungesema "mtu mzima utakayemchagua wewe".

#31 Bibi Daftari

Mimi ningetoa mstari wa msiba. Kusema "sijasahau" ni kumkumbusha. Kama haliingii kwenye hesabu, lisiingie kwenye barua.

#32 Mama Ubwabwa

Uacheni. Kama naye alidhani ile 150,000 ilikuwa malipo, ni bora ajue leo kuliko kulijua Januari.

#33 Mkazi wa Kihonda

Nimebadilisha kuwa "mtu mzima utakayemchagua wewe". Mstari wa msiba nimeuacha. Nimetuma saa 2 usiku. Tiki za bluu saa 2 na dakika 4.

#34 Dogo wa Mabibo

Mtandao wa shamba umerudi.

#35 Jirani wa Kakamega (21 Oktoba)

Vipi, amejibu?

#36 Mkazi wa Kihonda (24 Oktoba)

Amejibu jana usiku. Hajaandika, katuma sauti ya dakika tatu. Anasema "kaka nisamehe, nilikuwa nakosa uso". Alinunua gunia 16, kama Mama Ubwabwa alivyosema sehemu yake ulikuwa haujakauka vizuri, gunia 5 zimeharibika, 2 ameuza kulipia stoo, 9 zipo. Anasema 200,000 ya mwezi huu atatafuta, ya Januari "Mungu akipenda". Kiasi chenyewe hakukitaja popote, anasema "ile hela yako". Hapo ikoje?

#37 Kimya Kingi

Sauti ya dakika tatu ni mtu aliyerekodi mara sita akafuta tano. Amini.

#38 Karani Mstaafu

Itunze sauti, usiitegemee. Wewe sasa mwandikie mistari michache: "Nimekusikia, pole kwa gunia 5. Kwa hiyo tumekubaliana deni ni 1,200,000, unaanza na 200,000 tarehe 31 Oktoba, 200,000 tarehe 30 Novemba, zinazobaki 31 Januari. Kama nimekosea nirekebishe, kama ni sawa andika sawa." Akiandika "sawa" una kitu. Mkionana, liandikeni kwenye karatasi, wote wawili mtie saini.

#39 Anko Chuma

Gunia 16 kwa 1,200,000 na hela yake aliyokuwa nayo? Mama Ubwabwa, hesabu hiyo imekaa sawa?

#40 Mama Ubwabwa

Inategemea alinunua shambani au kwa dalali, na gunia ni la kawaida au lumbesa. Hata mimi inanikuna kidogo. Lakini gunia 9 zinaonekana kwa macho. Mtu aende akaone, aingize na mkono.

#41 Mkazi wa Kihonda (31 Oktoba)

Aliandika "sawa kaka". Leo saa 11 jioni imeingia 195,000. Hakuna neno lolote.

#42 Dogo wa Mabibo

Kakata makato ya kutuma! 😂😂😂 Deni la rafiki na makato juu.

#43 Bibi Daftari

Mshukuru, andika 200,000, maisha yaendelee. Elfu tano hiyo.

#44 Karani Mstaafu

Mshukuru, ndiyo. Ila andika "nimepokea 195,000, imebaki 1,005,000". Kutuma ni juu ya anayelipa. Leo ni elfu tano, Januari kwenye 800,000 mtakuwa mnabishana tena.

#45 Pemba Tulivu

Karani, kwa elfu tano utamrudisha mtu kwenye kimya chake.

#46 Kimya Kingi

Mimi nikiandikiwa 1,005,000 nazima simu. Nasema ukweli wangu.

#47 Mkazi wa Kihonda

Mke wangu anasema niandike 1,005,000. Nimeshika simu hapa dakika ishirini, nimeandika "nimepokea, ahsante ndugu yangu, imebaki", nimekwama hapo.